Kuwahi kumaliza na hofu ya chumbani: kidonge, krimu ya ganzi au mazoezi?

Kijana akimaliza haraka chumbani, au uume ukalegea kabla hajaanza, ushauri wa kwanza anaoupata huku visiwani ni wa barazani: anywe supu ya pweza, atafute vumbi la Kongo, au apite duka la dawa anunue kidonge cha kusimamisha. Wachache huambiwa habari za krimu ya ganzi. Wachache zaidi huambiwa kwamba yapo mazoezi ya mume na mke, na kwamba daktari ana kidonge kingine kabisa, kisichohusiana na kusimamisha. Ninavilinganisha hapa kwa ajili ya kijana aliyeoa juzi, kwa sababu huyo ndiye ninayemwona anateseka zaidi, na ndiye anayeuziwa zaidi visivyomfaa.

Kabla ya kununua chochote: kipi kinatangulia?

Uume husimama mwili ukiwa umetulia. Kumwaga kunaendeshwa na mishipa ya fahamu ya upande mwingine, ile inayoamka mtu anaposhtuka au anapojiandaa kukimbia. Hofu inapoingia, mwili hutoa adrenalini, na adrenalini hufanya mambo mawili kwa pamoja: hubana mishipa inayopeleka damu kwenye uume, na huuchochea ule upande wa kumwaga. Kwa hiyo hofu ileile kwa mmoja huleta kulegea, kwa mwingine huleta kumwaga mlangoni, na wa tatu hupata yote mawili. Huyu wa tatu ni wengi kuliko wanavyodhani wenyewe. Anaogopa utalegea, kwa hiyo anaharakisha aingie kabla haujalegea, na ile haraka ndiyo inayomalizia.

Jiulize maswali mawili. Je, asubuhi unaamka uume umesimama imara? Kama ndiyo, kwa kawaida damu inapita vizuri na mishipa iko salama, na kinachokusumbua usiku ni hofu ya wakati ule. La pili: kinachotangulia ni kulegea au kumwaga? Anayelegea kabla ya kumwaga ana tatizo moja. Anayemwaga kwanza kisha ukalegea hana tatizo la kusimama hata kidogo, kwa sababu kulegea baada ya kumwaga ni kawaida ya kila mwanamume. Vijana wengi wa kundi hili la pili hununua dawa za kundi la kwanza, na fedha zao hupotelea hapo.

Halafu kuna suala la dakika. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa nchi 5 ambamo wanandoa na wapenzi walipima kwa saa ya kuhesabia sekunde, kuanzia kuingia hadi kumwaga. Mtu wa katikati katika foleni yote alichukua dakika 5.4. Wapo waliomaliza chini ya dakika 1 na wapo waliozidi dakika 40. Wataalamu huita ugonjwa pale mtu anapomaliza ndani ya takribani dakika 1 karibu kila mara tangu alipoanza kujamiiana, au pale aliyekuwa mzima anaposhuka hadi dakika 3 au chini ya hapo, na kwa wote wawili iwe hawezi kujizuia na jambo lenyewe linamsumbua. Hali hiyo inatakiwa iwe imedumu kama miezi 6. Kijana wa dakika 4 anayejiona mgonjwa kwa sababu barazani wanahesabu nusu saa hahitaji dawa yoyote.

Kwa hesabu hiyo, siku za fungate haziwezi kutoa jibu. Bwana harusi hajalala vizuri kwa wiki nzima, wengi wao hawajawahi kumgusa mwanamke, ndugu wako chumba cha pili, na zipo familia ambazo bado zinasubiri habari ya kisarawanda asubuhi. Bibi harusi naye ana hofu yake, amekakamaa, anaumia, na mume akiona mke anaumia huharakisha ili amwondolee maumivu. Mwili wa mtu yeyote ungemaliza haraka katika hali hiyo. Kwa wengi muda hurefuka wenyewe katika miezi ya mwanzo, wakizoeana.

Niseme na hili la punyeto, maana matangazo ya dawa yamewajaza vijana woga. Hakuna ushahidi kwamba punyeto hulegeza au kukata mishipa ya uume. Hukumu yake ya dini ni jambo jingine, na kila mmoja anaijua. Lakini kijana anayeingia chumbani akiamini kwamba ameshajiharibu amebeba hofu tayari, na hofu ile ndiyo inayomfanya amalize haraka au alegee. Muuza dawa amemtia hofu, kisha anamuuzia tiba yake.

Kidonge cha kusimamisha, na ndugu zake wa sokoni

Sildenafil, ambayo wengi huiita kidonge cha buluu, huzifungua njia za damu za uume. Kwa anayelegea kwa hofu inaweza kusaidia, na kipimo cha kuanzia huwa miligramu 50, wengine 25, kama saa moja kabla, tumbo likiwa halijajaa. Ukiimeza baada ya biriani, itachelewa kufanya kazi kwa sababu ya mafuta, na hapo ndipo kijana anapoongeza kidonge cha pili na kuamkia kichwa kinachogonga, uso unaowaka na moyo unaodunda. Ni hatari kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, na uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kushuka ni wa kupelekwa hospitali usiku uleule.

Kwa anayewahi kumwaga lakini anasimama vizuri, kidonge hiki hakiongezi muda wa maana. Kinachomdanganya ni kwamba akishamaliza cha kwanza anasimama tena mapema, na cha pili huchukua muda mrefu zaidi, kama kinavyofanya cha pili cha mtu yeyote. Anaona dawa imefanya kazi. Baada ya miezi michache anaogopa kumkaribia mkewe bila kidonge mfukoni, yaani hofu imekua badala ya kupungua. Mahali pake pa haki ni kwa yule wa tatu, anayeharakisha kwa kuogopa kulegea. Huyo akipewa na daktari kwa wiki chache akawa na uhakika kwamba utabaki umesimama, haraka yenyewe hupungua.

Supu ya pweza ni chakula kizuri na sina ugomvi nayo, ila haigusi muda wa kumwaga. Vumbi la Kongo na unga mwingine usio na maandishi ni habari nyingine. Katika nchi mbalimbali, dawa nyingi zinazouzwa kama miti ya kuongeza nguvu zilipopimwa zilikutwa zimechanganywa sildenafil au dawa za jamii yake, kwa kiasi asichokijua mnunuzi. Unameza kidonge kilekile bila kujua kipimo. Na tramadoli, ambayo vijana wamegundua inachelewesha, usiiguse kwa kazi hii: inachelewesha kweli, lakini ni dawa ya maumivu ya jamii ya kasumba, hujenga uteja, na inaweza kuleta kifafa.

Krimu ya ganzi

Hii ndiyo ya haraka kuliko zote kwa anayewahi kumwaga, na mara nyingi hufanya kazi usiku wa kwanza. Iliyo maarufu ina lidokeini na prilokeini, kila moja asilimia 2.5. Hupakwa kiasi kidogo kwenye kichwa cha uume dakika 10 hadi 20 kabla, kisha hufutwa au kuoshwa vizuri. Makosa ya wengi ni mawili. Wanaiacha dakika 45 wakidhani zaidi ni bora, uume unakufa ganzi na unalegea, na hapo wameongeza tatizo. Au hawaifuti, na ganzi inahamia kwa mke, naye hahisi chochote wala hajui kwa nini. Kondomu huzuia hilo la pili, na yenyewe peke yake hupunguza hisia kiasi.

Mwenye mzio wa dawa za ganzi asiitumie. Na yeyote aliyewahi kuambiwa hospitali kwamba ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao si jambo geni pwani yetu, amwambie mfamasia kwanza, kwa sababu prilokeini inaweza kuiathiri damu yake.

Upungufu wake ni kwamba haikufundishi kitu. Siku usipopaka umerudi pale pale. Hata hivyo mimi siidharau. Kijana aliyevunjika moyo akipata usiku mitatu minne mizuri, hofu hushuka, na mazoezi yanayofuata huwa mepesi. Naiona kama gongo la aliyeteguka mguu: unalitumia huku ukijifunza kutembea.

Mazoezi ya acha na anza

Daktari wa Marekani James Semans aliyaeleza mwaka 1956, na mpaka leo hakuna njia isiyo ya dawa inayoshauriwa zaidi ya hii. Msingi wake ni kwamba kumwaga kuna hatua isiyorudi nyuma. Kabla ya hatua hiyo unaweza kusimamisha, ukishaivuka mwili unamaliza hata ukiganda kama jiwe. Anayewahi kumwaga mara nyingi hakosi nguvu za kujizuia. Hajui tu alipo kwenye njia, anashtukia ameshavuka. Mazoezi humfundisha kuhisi hatua za kabla.

Vitabu vya kizungu humwambia mwanamume aanze peke yake. Kwa wanandoa wa huku si lazima, mkono wa mke unafanya kazi ileile, nao ni halali yake. Hesabu hisia kutoka 1 hadi 10, kumi ikiwa ni kumwaga. Mke anamshika mume taratibu, mkono ukiwa mkavu, mume akiwa amelala chali. Hisia ikifika 7, mume anasema "acha". Mkono unaondoka. Wanasubiri kama nusu dakika, mpaka hisia ishuke hadi 3 au 4, hata uume ukilegea kidogo si neno. Kisha wanaanza tena. Mara tatu wanaacha, mara ya nne anaachiwa amalize. Kama robo saa hivi, mara 3 kwa wiki.

Wiki mbili au tatu zikipita na ile saba ikiwa inachelewa kufika, mkono unatiwa mafuta, ili hisia ikaribie ile ya ndani. (Mafuta ya nazi yanafaa kama hamtumii kondomu, kwa sababu mafuta huichana.) Kisha ndipo wanaingia: mke akiwa juu, mume ametulia chini, kwanza bila kusogea kabisa, baadaye mke anasogea polepole na kuacha akiambiwa. Mume juu huja mwisho, kwa sababu mkao huo hukaza mapaja, matako na tumbo, na misuli iliyokaza humwaga mapema.

Kinachoharibu mazoezi haya nakijua kwa sababu nakisikia kila mara. La kwanza ni kusema "acha" kwenye 9. Hapo umeshachelewa, na ukiona kila mara unamwaga baada ya kuacha, shuka uache kwenye 6. La pili ni kuziba pumzi na kubana matako kwa nguvu ukidhani unazuia. Pumua kwa tumbo na ulegeze misuli ya chini, ile ile unayoibana unapokata mkojo. La tatu, na ndilo baya, ni kuyafanya bila kumweleza mke. Akiona mume anajiondoa katikati kila usiku atadhani hapendwi, au ameonekana ana kasoro.

Nisifiche upande wa pili. Haya ni ya polepole, yanataka wiki 6 hadi 12, na watafiti waliowafuatilia wanaume baada ya miaka 3 walikuta wengi wamepoteza sehemu kubwa ya walichopata, kwa sababu waliacha. Anayemwaga chini ya dakika 1 tangu siku ya kwanza alipoanza kujamiiana huenda akafika dakika 2 au 3 tu. Lakini kwa yule ambaye chanzo chake ni hofu na ugeni, hii ndiyo njia inayogusa chanzo chenyewe, na haina gharama.

Kwa anayelegea, acha na anza hutanguliwa na jambo jingine: mume na mke wanakubaliana kwamba kwa wiki mbili hakutakuwa na kuingia. Wanalala pamoja, wanashikana, wanapapasana mwili mzima, na hata uume ukisimama imara hawaingii. Inaonekana ni kinyume, lakini hofu ya kulegea inategemea mtihani, na mtihani umeondolewa. Wengi huona uume unasimama kuanzia siku za mwanzo kabisa, kwa kuwa hakuna anayeusimamia.

Kidonge cha kila siku cha daktari

Kuna watu ambao ubongo wao unatuma amri ya kumwaga mapema tangu ujana. Kemikali iitwayo serotonini huichelewesha amri hiyo, na dawa zinazoiongeza, kama paroksetini na fluoksetini, huongeza muda kuliko mazoezi. Zilitengenezwa kwa ajili ya sonona. Hapa zinatumiwa kwa sababu ya athari yake ya kuchelewesha. Humezwa kila siku, huanza kuonekana baada ya wiki moja hivi na hukamilika wiki ya pili au ya tatu. Katika Ramadhani humezwa baada ya futari bila tatizo. Ipo na dapoksetini, ya kumeza saa 1 hadi 3 kabla, lakini haipatikani kila mahali.

Bei yake mwilini ni kichefuchefu cha siku za mwanzo, uchovu, miayo, na kwa baadhi hamu kupungua. Aliyeoa juzi anayetaka mtoto aseme hivyo kwa daktari, kwa sababu dawa hizi zinaweza kupunguza ubora wa mbegu kwa muda anapozitumia. Mwenye umri wa chini ya miaka 25 hufuatiliwa kwa karibu, maana kwa baadhi ya vijana huleta mawazo ya kujidhuru. Haziachwi ghafla, na hazichanganywi na tramadoli. Si za kununua kwa kuambiwa na rafiki. Ni za kuandikiwa, iwe Mnazi Mmoja, Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee kule Mkoani.

Tumchukue kijana mmoja

Fundi wa pikipiki wa Wete, miaka 26, ameoa wiki tano zilizopita. Nimemtengeneza kutokana na wengi, lakini kila alichonacho ni cha kweli kwa mtu fulani. Usiku wa kwanza ulilegea. Usiku wa pili alimwaga kabla hajaingia. Tangu hapo ni nusu dakika hivi. Asubuhi anaamka uume umesimama. Alinunua sildenafil ya miligramu 100, akapata kichwa, na akamaliza kwa nusu dakika ileile.

Kidonge cha kusimamisha tunakiondoa: asubuhi imeshajibu, na amekijaribu. Kidonge cha kila siku hatuanzi nacho, kwa kuwa wiki tano si miezi sita, na wanataka mtoto. Yanabaki mazoezi na krimu. Kwake ningepanga hivi: wiki mbili bila kuingia, mke ameshaelezwa. Kisha acha na anza kwa mkono, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa usiku. Krimu inaingia kuanzia wiki ya tano, usiku mmoja tu kwa wiki, ili waonje raha ya kuwa pamoja bila hesabu, na inapunguzwa kuanzia wiki ya nane. Katika muda wote huo raha ya mke haingoji dakika za mume: mkono unatangulia, na unaweza kumfikisha kabla mume hajaingia kabisa.

Wiki ya kumi na mbili ikifika na bado ni nusu dakika kila mara, sitamwambia aongeze bidii. Nitamwuliza upya kama kabla ya ndoa ilikuwa hivyo, na kama tangu mwanzo hajawahi kupita dakika 1, basi ni wa kwenda kwa daktari kuzungumzia kidonge cha kila siku, pamoja na suala la mtoto.

Na aende mapema zaidi, bila kumaliza ratiba yoyote, kama kuna maumivu au moto wakati wa kukojoa au kumwaga, damu kwenye manii, au kama alikuwa mzima kwa miaka kisha akabadilika ghafla huku akikonda, akitetemeka mikono na moyo ukienda mbio. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, hujulikana kwa kipimo cha damu, na ikitibiwa mara nyingi muda hurudi bila zoezi wala krimu.